Simu inajizima ikiwa kwenye chaji mchana, usiku haina shida kabisa. Ni betri au ni joto tu?

Kibarazani
Wakuu habari za saa hizi. Nna simu ya miaka miwili na miezi kadhaa, chaja yake iliyokuja nayo ya wati 33. Kipindi hiki cha joto imeanza tabia, naweka chaji mchana kama saa 8 hivi huku nimewasha hotspoti ya laptop, inafika asilimia 60 na kitu inaandika kwamba joto limezidi, screen inafifia, baada ya dakika chache inazima yenyewe. Ukiishika unaitupa, kama pasi. Usiku naweka chaji ileile, waya uleule, haina neno. Nimebadili waya, hakuna kitu. Nilimpelekea fundi hata hakuifungua akasema betri imekufa nibadilishe. Sasa mi najiuliza, betri iliyokufa inajuaje kama ni mchana? Msaada tafadhali.

Mbishi_Halali
Mkuu tatizo ni iyo chaja. Wati 33 ni nyingi mno, inausukuma umeme kwa nguvu betri haiwezi kuupokea wote unageuka joto. Tafuta chaja ya kawaida ya wati 10 uone kama itarudia. Mi chaji za haraka nilishaachana nazo.

Tulizo
Mi ikipata moto naiweka kwenye friji dakika 5 tu inakuwa poa kabisa, mwaka wa pili huu nafanya hivyo

FundiKimya
Tulizo dada yangu acha hiyo ya friji. Kioo na bodi vikishapoa sana halafu ukatoa simu kwenye hewa ya joto yenye unyevu, maji yanatanda juu yake kama yanavyotanda kwenye glasi ya maji baridi, na yanatanda ndani pia, pale kwenye tundu la chaji na kwenye viunganishi. Nimefungua simu nyingi zenye kutu ya kijani ndani na mwenyewe anaapa haijawahi kugusa maji. Ukitaka ipoe haraka chomoa chaji, vua kava, ilaze kwenye sakafu au sehemu yenye upepo wa feni. Inatosha.

Kibarazani, kabla hujanunua betri nijibu vitu vitatu. Ikishazima ukaiacha ikapoa, ukiwasha inarudi na asilimia ileile au inaruka? Joto linaanzia wapi, chini kwenye tundu la chaji, katikati ya mgongo, au juu karibu na kamera? Na hiyo simu wakati inachaji unaiweka wapi?

Kibarazani
Asante mkuu. Inarudi na asilimia ileile, imezima na 63 imewaka na 63. Joto mgongo wote lakini juu kwenye kamera ndio zaidi. Naiweka kwenye kizingiti cha dirisha maana ndani mtandao unashika kwa shida, pale dirishani ndio napata vijiti vitatu.

FundiKimya
Umeshajijibu nusu. Hilo dirisha jua linapiga?

Kibarazani
Mchana linapiga ndio, ila nilidhani kioo kinapunguza

Sauti_ya_Chini
Samahani naomba kuchangia, yangu mimi inachaji polepole sana, kutoka 20 mpaka 80 inachukua saa nne wakati mwanzo ilikuwa saa moja na nusu. Nimenunua chaja mbili mpya. Shida nini jamani

Mbishi_Halali
Dada uzi unahusu joto, ya kwako fungua uzi mwingine

FundiKimya
Mbishi subiri, huenda ni ugonjwa mmoja. Sauti_ya_Chini, hiyo saa nne ni mchana au muda wowote?

Sauti_ya_Chini
Sijawahi kuangalia kwakweli. Nachajia kazini mchana, simu inakuwa kwenye pochi lake la ngozi la kufunga

FundiKimya
Basi jaribu leo usiku, nje ya pochi, uniambie. Simu ikiona betri inakaribia digrii 45 inajipunguzia chaji yenyewe, haikwambii kitu. Wengine wanaona "inachaji polepole", wengine "imegoma kuchaji", na ukiilazimisha kama Kibarazani unafika kwenye kuzima. Ngazi ni ileile, mnasimama vidato tofauti.

Sasa Kibarazani, turudi kwako. Watu wengi wanaangalia simu imefika digrii ngapi, mi nnachoangalia ni imepanda digrii ngapi juu ya hewa ya chumba. Simu haina feni, joto lake linatoka kwa kuachia hewa iliyoizunguka, na linatoka kwa kasi kulingana na tofauti iliyopo kati yao. Kazi ileile ikifanyika ndani ya simu, tofauti inakuwa karibu ileile kila siku. Kama usiku chumba kina 27 na betri inapanda hadi 41 maana yake imepanda 14. Mchana chumba kikiwa 34, weka 14 yako ileile, umefika 48, umeshavuka mpaka na wala hakuna kilichoharibika. Ndio maana betri yako "inajua" kama ni mchana.

Kwa iyo pima, tusibahatishe. Kama simu ni Android na unajua kutumia kompyuta, washa ile setingi ya USB debugging, chomoa chaja, chomeka kwenye kompyuta haraka uandike hii:

```
adb shell dumpsys battery
```

Itakuja mistari mingi, tafuta ulioandikwa `temperature`. Ukiona `412` ni digrii 41.2, unagawa kwa kumi. Usiogope kwamba umechomoa chaja, betri ni kipande kizito, haipoi ndani ya nusu dakika. Kama hutaki habari za kompyuta kuna apu kibao zinasoma namba ileile. Tafuta na kipimajoto cha ukutani. Pima hali moja moja, usibadili vitu viwili kwa pamoja, na kila jaribio anza na asilimia kama 30, maana huko ndiko chaji ya haraka inakuwa na nguvu, ukianza na 85 utadhani simu imepona.

Mbishi_Halali
Yote hayo ya nini jamani si abadili tu chaja

FundiKimya
Atabadili chaja akiacha simu juani itazima vilevile

Kibarazani
Wakuu nimerudi, siku mbili nzima nimekuwa mtu wa kupima tu mpaka nyumbani wananicheka. Nimeandika kwenye daftari, kila moja baada ya dakika 25 hivi:

Usiku chumba 27, chaja ya 33, kava limo, hotspoti imezimwa, betri 41.
Mchana kivulini chumba 34, kila kitu kilekile, ilifika 45 ikawa inacheza 45 na 46 haipandi tena, ila na chaji ikawa inatembea kwa kujivuta.
Mchana kivulini na hotspoti imewashwa, 49.
Dirishani juani na hotspoti, sikufika hata dakika 25, dakika ya 14 nilisoma 53.1 ikanizimia mkononi.
Halafu nikaazima chaja ya wati 10, kivulini, nikavua kava, hotspoti imewashwa, ikaishia 42!! Nikazima hotspoti, 39.

Usiku imepanda 14 kama ulivyosema, nilishtuka. Ila kuna kitu sielewi, kwanini jua la dirishani lina nguvu kiasi hicho? Chaja ni wati 33, jua si mwanga tu?

FundiKimya
Safi sana, na swali lako ndio lenyewe. Wati 33 za chaja haziishii kuwa joto, sehemu kubwa inaingia kwenye betri na kukaa. Kinachobaki ndani ya simu kama joto ni wati mbili tatu hivi. Sasa jua kali la mchana likipiga wima linaleta karibu wati 1000 kwa kila mita moja ya mraba. Simu yako ina urefu kama sentimita 16 na upana 7 na nusu, piga hesabu unapata wati 12 zinatua juu yake. Kioo cha dirisha kinakula kidogo, jua halipigi wima muda wote, tuseme nusu tu ndio inaingia. Ni wati 6. Na hizo zote ni joto, hakuna kinachohifadhiwa. Kizingiti cha dirisha kilikuwa kinaichoma simu yako mara mbili ya chaja. Na screen nyeusi na kava jeusi vinameza karibu chote kinachotua.

Hotspoti nayo ukitazama namba zako imeongeza kama digrii 3 au 4. Hapo ni redio ya simu inapiga kelele kuufikia mnara, mtandao ukiwa dhaifu inapiga kelele zaidi, na hiyo redio na prosesa viko juu karibu na kamera, ndio maana ulisema juu ndio panaunguza. Betri ingekuwa mgonjwa peke yake ungesikia joto katikati. Joto likiwa chini kabisa kwenye tundu, na plagi ya waya inaunguza, hapo ni uchafu au tundu limelegea, hiyo habari nyingine kabisa.

Mbishi_Halali
Kwa iyo nilikuwa sahihi, chaja ya 10 imemponya

FundiKimya
Nusu. Chaja hailazimishi umeme kuingia, simu ndio inayoomba kiasi inachotaka na chaja inatoa. Ungeweka chaja ya wati 100 simu hiyohiyo ingechukua kiwango chake tu. Ila upo sahihi kwamba chaji ya haraka ina joto, na joto lake halipandi sawa na umeme, linapanda zaidi. Betri ina ukinzani wake wa ndani, na joto ni umeme unaopita ukizidisha kwa wenyewe halafu kwa huo ukinzani. Ikipitisha ampea 6 na ukinzani tuseme ni omu 0.07, ni wati 2.5 ndani ya betri tu. Ikipitisha ampea 2 ni kama wati 0.3. Umeme umeshuka mara tatu, joto limeshuka mara tisa. Ndio maana chaja ndogo mchana inasaidia sana hata kama simu inachukua muda mrefu kujaa.

Mbishi_Halali
Haya mwalimu nimekubali nusu yangu 😅 ila zile za haraka bado sizitaki

FundiKimya
Tumia usiku, hewa ikiwa imepoa. Mi mwenyewe natumia. Unayopaswa kuiogopa mchana ni ile ya kulaza juu ya kisahani bila waya, ile inapoteza zaidi njiani na joto linabaki kwenye mgongo wa simu palepale betri ilipo.

Namba_Witiri
Mi natumia iPhone, inaniandikia Charging On Hold, inasimama kwenye 80 mpaka ipoe. Mwanzo nilidhani imeharibika nikaiwasha upya mara tano. Kumbe inajilinda. Kuwasha upya kwenyewe nadhani nilikuwa nazidi kuipasha

Kipepeo_Mweusi
Poleni wote, mi tatizo hilo lilikwisha tangu nibadili betri. Nilipata ya bei poa, sasa apu inanisomea digrii 25 muda wote, nachaji juani, nacheza gemu, 25 tu. Kibarazani badili betri acha hesabu

FundiKimya
Kipepeo, unasema 25 muda wote? Hata mchana chumba kikiwa na 34?

Kipepeo_Mweusi
Ndio mkuu haipandi haishuki

FundiKimya
Kaka hebu fikiria. Simu iko kwenye hewa ya 34, inachaji, inacheza gemu, halafu betri ina 25. Haiwezekani, ingebidi iwe na friji ndani. Betri nzuri ina sensa ndogo ya joto, simu inaisoma ndio inajua lini ipunguze chaji. Kuna betri za bei poa ambazo badala ya sensa wameweka kipande cha ukinzani usiobadilika, kazi yake ni kuidanganya simu kwamba mambo shwari. Namba iliyoganda kwenye 25 ni dalili ya hicho. Simu yako haijaacha kupata moto, imeacha kujua kwamba ina moto. Ile breki ya digrii 45 wewe huna.

Hakikisha hivi, izime chaji, iache kivulini bila kuigusa saa nzima, soma namba, linganisha na kipimajoto cha chumba. Isome tena alfajiri. Sensa nzima itafuata hewa ya chumba, ikibaki 25 kote kote ondoa hiyo betri. Kwa sasa usiichajie kitandani wala usilale nayo inachaji.

Kipepeo_Mweusi
Duh

Kipepeo_Mweusi
Nimepima sasa hivi, chumba 31 simu inasema 25. Nimechomoa. Na nikiangalia vizuri kioo upande mmoja kimenyanyuka kidogo, kama ukucha unaingia

FundiKimya
Hiyo imevimba. Izime kabisa, usichaji tena, usikibonyeze kioo kirudi, usitoboe, watu wanatoboa eti hewa itoke, ule ni moto. Iweke juu ya kitu kisichoungua mbali na mapazia na godoro, mpelekee fundi atoe betri.

Tulizo
Jamani mnanitisha. Ya kwangu inazima ikiwa na asilimia 30 hata kwenye chaji, wala haina joto kabisa, ukiwasha inakuwa 12 au mara nyingine 41. Na hii ni jua?

FundiKimya
Hapana dada, hiyo yako ndio betri kweli. Imechoka, ikiombwa nguvu ya ghafla, mfano ukifungua kamera, volti inaanguka na simu inazima. Kuruka kwa asilimia ndio kunakutofautisha na Kibarazani, yeye alizima na 63 akarudi na 63, kwa iyo umeme ulikuwepo, simu iliamua kuzima. Wewe badili, ila isiwe ya Kipepeo.

Sauti_ya_Chini
Nimejaribu usiku nje ya pochi, kutoka 20 mpaka 80 saa moja na dakika 40!! Na chaja mbili nilizonunua nimezipeleka wapi sasa 🤦🏾‍♀️

Kibarazani
Wakuu mrejesho. Wiki nzima sasa haijazima. Simu nimeitoa dirishani, nachaji asubuhi kabla ya saa 3 kwa chaja ya haraka mpaka 80 nachomoa, mchana ikibidi naweka ya wati 10 bila kava, imesimama kwenye kikombe ili hewa ipite mgongoni. Hotspoti ndio imenisumbua maana ndani mtandao mbovu, nikaona laptop inakula data kwa masasisho muda wote, nimeyazima hayo redio imepumzika kidogo.

Ila juzi chumba kilifika 37, chaja ndogo, bila kava, hotspoti ya wastani, bado ikagusa 45 chaji ikasimama. Kwa hesabu zangu hali hiyo huwa inapanda 8, kwa iyo ni sawasawa 45. Sasa hapo nilikuwa na la kufanya?

FundiKimya
Feni iipulize mgongoni, hiyo itakutoa digrii tatu nne maana hewa iliyotulia ndio inayokaba. Ama zima hotspoti nusu saa. Hewa ikifika 37 umebakiwa na nafasi ndogo sana, na simu kusimamisha chaji hapo imefanya kazi yake, iache. Usiikimbize na kitambaa chenye maji, watu wanaweka kitambaa cha maji palepale kwenye tundu la chaji.

Mbishi_Halali
Na je betri yake ya miaka miwili haijachoka? Si ulisema ukinzani ukipanda na joto linapanda

FundiKimya
Swali zuri, limenishinda kulijibu kutoka huku. Kupanda 14 usiku na chaja ya 33 ndani ya kava siwezi kusema ni kubwa wala ndogo bila kujua ilikuwa ngapi ikiwa mpya. Kibarazani hiyo 14 iandike na tarehe. Baada ya miezi 6 rudia usiku chumba kikiwa vilevile, kava lilelile, uanze na 30 vilevile. Ukikuta imekuwa 18 au 19, huyo fundi wako wa kwanza atakuwa amepatia, amewahi tu.

Kibarazani
Nimeandika nyuma ya kava kwa kalamu

Tulizo
Si umesema umevua kava 😂